Kitenzi baada ya "each", "neither" na "all" katika tangazo la Kiingereza

Hapa Lamu, matangazo mengi ya Kiingereza yanayobandikwa kwa ajili ya wageni huandikwa na watu wanaoijua vyema kazi yao na wenye msamiati wa kutosha, ila upatanisho wa kitenzi ndio unaowatatiza. Tuchukue tangazo la mfano la nahodha mwenye mashua mbili zinazobeba wageni kutoka Shela:

"Each of our boats have life jackets. Every passengers must wear one. Both boats leaves at eight. Neither of them don't sail at night. All the equipments are checked."

Sentensi ya kwanza ndiyo yenye kosa linalojirudia zaidi. Mwandishi ameweka "have" kwa sababu neno lililo jirani na kitenzi ni "boats", ambalo liko katika wingi. Kiima chenyewe, hata hivyo, ni "each", neno linalozichukua mashua mojamoja, na maneno "of our boats" yanaeleza tu kwamba hiyo moja imo katika kundi gani. Kwa hiyo kitenzi ni "has". Kosa hili halimo katika Kiingereza pekee, kwani hata katika Kiswahili utamsikia mtu akisema "kila moja ya mashua zetu zina jaketi" ilhali ilipasa kuwa "ina jaketi". Unapokuwa na shaka, funika kwa kidole maneno yanayoanzia "of" hadi kabla ya kitenzi, kisha usome yaliyobaki: "Each has life jackets." Kipimo hiki kinafaa pia kwa "every one of", "either of" na "neither of". Hata hivyo, "each" ikija baada ya nomino ya wingi, nomino hiyo ndiyo kiima na kitenzi huifuata: "Our boats each have life jackets."

Neno "every" hufuatwa moja kwa moja na nomino ya umoja, yaani "every passenger", hata kama abiria ni mia moja. Halikubali kufuatwa na "of". Ni lazima useme "every one of the passengers". Kitenzi "must" hakibadiliki kwa umoja wala wingi, na ndiyo sababu kosa la sentensi ya pili limo katika nomino peke yake. Neno "both" halina utata: ni wingi daima, basi andika "Both boats leave at eight."

Sentensi ya nne inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ina makosa mawili. Sisi tumezoea kuuweka ukanushi ndani ya kitenzi, kama tunavyosema "zote mbili hazisafiri usiku", na kwa mazoea hayo mwandishi ameongeza "don't" ingawa "neither" tayari imekanusha. Katika Kiingereza sanifu ukanushi mmoja unatosha, na kitenzi hubaki cha kukubali, tena cha umoja: "Neither of them sails at night." Wapo wanaolikwepa neno hili kwa kuandika "Both boats don't sail at night", lakini sentensi hiyo inaweza kumfanya mgeni adhani kwamba mashua moja husafiri usiku na nyingine haisafiri. Katika mazungumzo utawasikia hata wenye lugha wakisema "neither of them sail". Katika mtihani na katika barua rasmi, ni salama kubaki na "sails".

Kipimo cha kidole hakifai kwa "all". Neno hili halina umoja wala wingi wa kudumu, bali hufuata nomino inayoandamana nalo, kwa hiyo ukiifunika nomino hiyo utakuwa umekificha kile hasa unachokitafuta. Tunasema "All of the passengers are here" kwa kuwa abiria huhesabika, na "All of the water is clean" kwa kuwa maji hayahesabiki. Neno "equipment" limo katika kundi la maji: halina wingi, na sentensi ya mwisho ya nahodha inapaswa kuwa "All the equipment is checked."

Iwapo nahodha angetaka kuongeza kwamba mashua yoyote kati ya hizo mbili inaweza kukodiwa, angeandika "Either boat is available", kwa umoja. Lakini pale "either" inapoandamana na "or", au "neither" na "nor", kanuni hubadilika, na kitenzi hufuata nomino iliyo karibu nacho zaidi: "Either the captain or the sailors are on board", lakini "Either the sailors or the captain is on board." Kwa maoni yangu, ni afadhali kuitanguliza nomino ya umoja na kuiweka ya wingi karibu na kitenzi, kwa sababu "are" ikifuata "sailors" haimkwazi msomaji.