Kilimia kwenye grafu: kupima ukubwa wa nyota bila kuuona

Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wamekitazamia majira ya mvua tangu zamani, ndicho ninachoanza nacho kila ninapomfundisha mtu mchoro wa Hertzsprung na Russell, grafu inayozipanga nyota kwa rangi na mwangaza. Sababu ni umbali. Nyota hafifu inaweza kuwa hafifu kweli, au ni kali lakini iko mbali, na kwa macho huwezi kujua. Nyota za Kilimia zote ziko umbali uleule, kama miaka ya nuru 440, kwa hiyo inayoonekana kali kuliko mwenzake ni kali kweli. Mdenmaki Ejnar Hertzsprung, aliyesomea uhandisi wa kemia, alilitumia jambo hilo mwaka 1911 alipochora Kilimia.

Juzi nilikichora tena kwa data za chombo cha anga cha Gaia. Kwenye safu ya `parallax`, namba inayoonyesha umbali, nilibakiza nyota zenye thamani karibu na 7.4, yaani zilizo kwenye umbali huo wa Kilimia, nikaweka rangi, `bp_rp`, kwenye mhimili wa chini na mwangaza, `phot_g_mean_mag`, kwenye wa wima. Grafu ikatoka kichwa chini, maana nilisahau kuugeuza mhimili wa wima: kwa wanafalaki, namba ya mwangaza ikiwa ndogo nyota ni kali zaidi. Joto nalo, ambalo rangi ndiyo hulionyesha, huongezeka kuelekea kushoto. Ni urithi wa ajabu, na hakuna anayethubutu kuubadilisha.

Baada ya kugeuza, nukta zilijipanga katika mkanda mmoja, kutoka nyota za buluu kali juu kushoto hadi nyekundu hafifu chini kulia. Hiyo ndiyo safu kuu. Nyota iliyo humo inaunguza haidrojeni ndani ya kiini chake na kuifanya heli, na nafasi yake kwenye mkanda huamuliwa hasa na masi yake. Jua letu limo humo pia.

Sasa chukua Dabarani, ile nyota ya rangi ya chungwa inayoonekana angani si mbali na Kilimia, ambayo programu za simu huiandika Aldebaran. Joto la uso wake ni karibu kelvini 4,000. Nyota ya 61 Cygni B ina joto karibu hilohilo, nayo imo kwenye safu kuu. Lakini Dabarani inatoa nuru kama mara 5,000 ya mwenzake. Inawezekanaje? Mita moja ya mraba ya uso wa nyota hutoa nuru kulingana na joto lake, kwa hiyo mita ya huku na ya kule zinatoa karibu sawa. Kinachobaki ni wingi wa mita zenyewe. Eneo la uso likizidi mara 5,000, kipenyo kinazidi kwa kipeuo chake cha pili, yaani mara 70 hivi. Dabarani ni jitu, na hatukuhitaji kuliona umbo lake ili kulijua hilo. Haidrojeni ya kiini chake imekwisha, tabaka za nje zikavimba na kupoa.

Hesabu hiyohiyo ikigeuzwa inaleta jambo lililomtatiza mwanafalaki Mmarekani Henry Norris Russell mwaka 1910. Alikuwa Harvard akizungumza na Edward Pickering, mkuu wa kituo cha falaki cha huko, kuhusu nyota hafifu, akataja 40 Eridani B. Pickering akapiga simu ofisini kwa Williamina Fleming, aliyekuwa akizipanga nyota kwa aina za nuru yake, na baada ya muda jibu likarudi: aina A, yaani nyeupe na ya moto. Hafifu na ya moto kwa pamoja! Joto lake tunalolijua leo ni kama kelvini 17,000, karibu mara tatu ya Jua. Joto likizidi mara tatu, nuru ya kila mita huzidi mara 81, yaani 3 × 3 × 3 × 3. Hapa joto halifiki mara tatu kamili, kwa hiyo ni kama mara 74. Ila nuru yake yote ni sehemu moja tu ya 75 ya nuru ya Jua. Basi uso wake ni mdogo kuliko wa Jua mara 5,500 hivi, na kipenyo ni mara 1.5 tu ya kile cha Dunia, huku masi ikizidi nusu ya Jua. Hicho ni kibete cheupe, kiini kilichobaki baada ya nyota kuumaliza moto wake. (Usikichanganye na “kibete” wa kawaida: katika lugha ya fani, hata Jua huitwa kibete, kwa sababu tu si jitu.)

Grafu yangu ya Kilimia ilikuwa na mtego mmoja. Juu ya safu kuu kulikuwa na mstari mwembamba wa pili, ukiufuata ule wa kwanza sambamba. Ukiharakisha utasema ni nyota zilizoanza kuvimba. Pima pengo: ni kama 0.75 ya kipimo cha mwangaza, na hiyo ndiyo tofauti unayopata nuru ikiongezeka mara mbili kamili. Ni nyota pacha, mbili zinazolingana, zilizokaribiana mno hata chombo kikazihesabu kuwa nukta moja.