Wapanda farasi wazito wa Zama za Kati: kwa nini walitisha, na nani aliwazuia

Mpanda farasi "mzito" katika vita vya Ulaya hakuitwa hivyo kwa sababu ya unene wake. Uzito ni wa vifaa na wa kazi yenyewe: deraya ya chuma mwilini, chapeo kichwani, ngao, mkuki mrefu, na farasi mkubwa aliyefundishwa kusonga mbele bega kwa bega na wenzake katikati ya makelele. Kwetu jambo hili ni geni kidogo, kwa kuwa mbung'o na ugonjwa wake vilizuia farasi wasistawi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Basi inabidi kuanza na swali la msingi: farasi wa namna hiyo hufanya nini hasa vitani?

Mpanda farasi wa kale alishika mkuki juu ya bega na kuchoma kwa nguvu ya mkono wake, au aliurusha. Kuanzia karne ya 11 mbinu nyingine ilienea. Mkuki ulibanwa kwapani, ukaelekezwa mbele, na mkono ukabaki kuuongoza tu. Tandiko lilikuwa na egemeo la juu mbele na nyuma ili mpandaji asisukumwe akaanguka, na miguu yake ilikaza katika rikabu, yaani vikanyagio vinavyoning'inia kwenye tandiko. Hapo mtu, mkuki na mnyama walikuwa kitu kimoja, chenye uzito wa zaidi ya nusu tani, na kilichopiga ni mwendo wa farasi. Wengine husema rikabu pekee ndiyo iliyoleta mageuzi haya. Sikubali, kwa sababu rikabu ilikuwa imeshafika Ulaya karne kadhaa kabla. Kilichohitajika zaidi ni mali na muda. Farasi wa vita na deraya viligharimu fedha nyingi, na kupigana juu ya tandiko kulifundishwa tangu utotoni. Ukabaila ulilipia vyote viwili: bwana aligawa ardhi, na aliyepewa ardhi alikuja vitani na farasi wake.

Upande wa pili mara nyingi walisimama wakulima waliokusanywa kwa haraka. Hapa ndipo penye siri yenyewe. Farasi mwenye akili zake hajitosi kwenye ukuta. Akiona mbele yake safu iliyoshikamana, yenye ncha za chuma, atapunguza mwendo, atageuka au atasimama kwa miguu ya nyuma. Kwa hiyo shambulio lilishinda kabla ya kugusana, pale watu wachache walipoona ardhi inatetemeka wakarudi nyuma hatua mbili. Pengo likishafunguka, farasi huingia, na aliyegeuza mgongo hana namna ya kumshinda mbio. Kumzuia mpanda farasi, basi, kulihitaji kwanza watu ambao hawatakimbia. Silaha ilifuata baadaye.

Mfano mzuri ni Uskoti, kwa vita viwili vilivyopishana miaka 16. Tarehe 22 Julai 1298, huko Falkirk, William Wallace aliwapanga watu wake katika makundi manne ya mviringo, mikuki ikielekea nje kila upande kama miiba ya nungunungu. Wapanda farasi wa Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza waliwatimua wapanda farasi wachache wa Waskoti na kuwakanyaga wapiga mishale wao, lakini makundi yale ya mikuki hawakuweza kuyavunja. Edward akawavuta farasi nyuma, akaleta wapiga mishale. Waskoti wakawa katika mtego. Wakibaki wameshikamana, kila mshale unapata mtu. Wakitawanyika ili kuukwepa, farasi wanarudi. Walibaki, wakaanguka mmoja mmoja, na mapengo yalipokuwa makubwa wapanda farasi waliingia na kumaliza kazi. Wallace mwenyewe aliponyoka.

Mwaka 1314, Bannockburn, Robert Bruce, mfalme wa Waskoti, alipigana na mtoto wa Edward yule kwa mikuki ileile. Safari hii Waskoti waliisogeza mikuki mbele, wakawabana Waingereza kwenye eneo finyu lenye vijito na tope, ambako farasi hawakupata nafasi ya kushika kasi. Wapiga mishale wa Kiingereza walipoanza kujipanga pembeni, Bruce aliwatuma wapanda farasi wepesi wakawatawanya. Watu wa mikuki hawakusumbuliwa tena na mishale, na jeshi la Edward wa Pili likavunjika.

Ukiviweka vita hivi viwili pamoja unaona kila upande ulikuwa na wa kumwogopa. Farasi alishindwa na mikuki iliyoshikamana, mikuki iliyosimama mahali pamoja iliangamizwa na mishale, na mpiga mishale aliyekutwa bila kinga aliangamizwa na farasi.

Waingereza walilifanyia kazi tatizo hilo la mwisho. Agincourt, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 25 Oktoba 1415, jeshi la Henry wa Tano lilikuwa na wapiga mishale wengi mara kadhaa kuliko askari wa deraya. Kila mmoja alibeba kigingi kilichochongwa ncha mbili, akakichimbia mbele yake kikiwa kimeinama kuelekea kwa adui. Uwanja ulikuwa shamba lililolimwa, limelowa mvua, na misitu ilikuwa kulia na kushoto, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuwazunguka. Wafaransa walipotuma farasi pembeni kuwafagia, mishale haikuwa na haja ya kutoboa deraya ya mpandaji. Ilitosha kumpata farasi, ambaye mwili wake haukuwa umefunikwa wote. Farasi waliojeruhiwa waliwaangusha mabwana zao, wakageuka na kukimbia wakiwapitia Wafaransa wenzao. Hao walikuwa wanakuja kwa miguu, maana kufikia wakati huo makabaila wengi walikwishajifunza kushuka farasi mbele ya upinde. Walifika wamechoka na tope, wamesongamana hata kuinua mkono ni shida, na wapiga mishale wakaweka pinde chini, wakawarukia kwa shoka na nyundo.

Lakini kigingi kinataka muda wa kuchimbiwa. Huko Patay, Juni 1429, Wafaransa waliwakuta wapiga mishale wa Kiingereza kabla hawajamaliza kujipanga, wakawapitia juu kwa farasi. Upinde uliotisha Agincourt haukusaidia kitu.

Waswisi walikwenda njia nyingine. Mikuki yao ilifikia urefu wa mita tano hivi, ncha za safu kadhaa zikitokeza pamoja mbele, na waliishika watu waliotoka kijiji kimoja, waliojuana tangu wadogo. Tofauti yao na watu wa Falkirk ni kwamba walitembea kwa kasi bila kuachana, hivyo hawakumpa adui nafasi ya kuwapiga kwa raha zake. Mwaka 1476 waliyashinda majeshi ya Charles, mtawala wa Burgundia, huko Grandson na Murten, na Januari 1477 akauawa mbele ya Nancy.

Mwaka 1515, huko Marignano karibu na Milano, Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa aliwarudia kwa mashambulizi ya farasi mfululizo. Farasi hao hawakuivunja mikuki. Waliwalazimisha tu Waswisi wasimame kila mara na kujikaza, na walipokuwa wamesimama, mizinga ya mfalme ikawapiga kama mishale ya Edward ilivyowapiga Waskoti miaka 217 nyuma.