Usikivu wa kafeini: kwa nini kahawa humpeleka mtu moyo mbio

Usikivu wa kafeini ni wepesi wa mwili kushtuliwa na kiasi cha kahawa ambacho mwingine anakunywa na kwenda kulala vizuri tu. Kafeini huzuia adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka, na hupandisha adrenalini, ileile inayotoka ukikoswakoswa na bodaboda. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, kisha akili inaanza kutafuta cha kuogopa. Ndiyo maana wengi hudhani wana wasiwasi wa maisha, kumbe ni kikombe cha saa moja asubuhi.

Wifi yangu wa Mwanjelwa, Mbeya, alipatwa hivyo. Baridi ya Juni ilipoanza aliacha kikombe kidogo akachukua kile kikubwa cha chai, kahawa ileile ya Mbozi, kabla hajala kitu. Kama dakika arobaini baadaye, yuko kwenye daladala, moyo unampiga hadi shingoni. Akaambiwa kahawa yake imekaangwa sana, ndiyo maana ni kali. Akanunua iliyokaangwa kidogo. Hali ikabaki vilevile.

Ingebaki tu, maana kukaanga hakubadilishi sana kafeini, kunabadilisha uchungu. Kinachohesabika ni uzito wa unga na aina ya buni. Arabika, inayolimwa huku kwetu, ina kafeini kama asilimia 1.2, robusta ya Kagera inakaribia mara mbili yake. Tulipopima kwa mizani ya jikoni, vijiko vyake vya kujaza vilikuwa gramu 18, yaani zaidi ya miligramu 200 za kafeini kwa mkupuo mmoja. Mtu mzima mwenye afya huambiwa asizidi 400 kwa siku nzima, mjamzito 200. Tena alikuwa ameanza vidonge vya majira vyenye estrojeni, ambavyo huchelewesha ini kuiondoa kafeini. Kwa kawaida nusu yake huisha kwa saa tano hivi. Kwake ilikuwa inakaa karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo kikombe cha leo kilikuta mabaki ya jana.

Hakuacha ghafla, kwani kuacha ghafla huleta kichwa kuuma kesho yake. Alipunguza gramu tatu kila baada ya siku tatu, akanywa baada ya kula, na kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima kabla ya kunywa na dakika 45 baadaye. Kwenye gramu 18 yalitoka 76 hadi 98. Kwenye gramu tisa hayakupanda hata kumi, na mikono ilitulia. Hapo akasimama, akarudisha kikombe kidogo. Iliyokaangwa sana ameirudia pia, kwa sababu anaipenda.

Mapigo yakirukaruka bila mpangilio, au yakija hata siku ambayo hukunywa kahawa, nenda ukapimwe moyo, damu na tezi ya shingo. Ukizimia au kifua kikibana, nenda hospitali mara moja.