Sahani ya kibao: maana ya wali na mchuzi unaofuka moshi

Pita Darajani au Michenzani, mjini Unguja, saa za mchana uangalie vibao vya migahawa midogo. Utaona sahani ya wali na mchuzi, na juu yake moshi mweupe. Mimi naiita sahani ya kibao: picha ya chakula kile kile, kwa kipimo kile kile, atakachowekewa mteja akishakaa, na kikiwa bado moto. Kipimo na mvuke ndivyo vinavyoibeba, na shida yote ni kwamba viwili hivyo havipatani.

Nianze na kipimo. Mwaka mmoja niliitwa Wete, Pemba, na Bi mmoja mwenye mgahawa wa meza nne, nimtengenezee kibao kipya. Kibao chake cha zamani kilikuwa na picha iliyookotwa mtandaoni: wali umefinyangwa kwa bakuli ukasimama kama kuba, na ubavuni samaki mzima. Wateja walikuwa wakimuuliza, "Bi, na yule samaki wa nje?" Yeye anauza kipande.

Nikamwomba anipakulie kama anavyompakulia mteja, asinione mgeni. Akatia pawa mbili za wali wa nazi, kipande kimoja cha changu, upawa mmoja wa mchuzi, kachumbari pembeni na kipande cha ndimu. Tulipoupima, wali ulikuwa kiasi cha gramu 400, yaani mchele mkavu wa gramu 150 hivi. Hicho ni chakula cha mtu mzima aliyetoka kazini, wala hakihitaji kuongezwa chochote. Lakini Bi aliona haya. "Fundi, niongeze upawa mmoja?" Nikamwambia akiongeza leo, ataongeza kila siku.

Unyumbani wa sahani huonekana katika vitu vidogo. Wali uliopakuliwa hauna umbo. Umelala, punje zimeachana, upande mmoja umeinuka kidogo pale upawa ulipoishia. Mchuzi umeingia ukingoni mwa wali na kuupaka rangi ya manjano. Juu ya mchuzi mna vitone vya mafuta ya tui. Ukivifuta vitone hivyo ili picha iwe safi, umeondoa nazi.

Sasa mvuke. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Kile cheupe tunachokiona ni matone madogo sana ya maji, yanayotokea pale mvuke unapokutana na hewa ya baridi zaidi ukageuka maji. Ndiyo maana kwetu, mchana wa kaskazi, wali hufuka kidogo na matone yakapotea upesi. Kipupwe, alfajiri, sahani ile ile hufuka vizuri. Tulipiga picha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sufuria ikafunuliwa pale pale, feni imezimwa. Feni ndiyo adui mkubwa. Watu huihangaikia taa wakaisahau. Wapo wanaoficha pamba iliyoloweshwa maji ya moto nyuma ya sahani. Mimi siipendi, kwa sababu moshi hutoka ukingoni mwa sahani badala ya kutoka kwenye wali, na jicho hulijua hilo hata kama mwenyewe hawezi kulieleza.

Cheupe hakionekani juu ya cheupe. Kwa hiyo nyuma ya sahani tulitundika kanga ya rangi ya kiza, na mwanga tukauacha uje kwa nyuma kidogo, kupitia dirishani, ili uyapige yale matone.

Hapo ndipo ugomvi wenyewe. Ukiishusha simu mpaka usawa wa meza, mvuke unatoka vizuri sana, lakini wali unageuka mlima, na umerudi kwenye uongo wa kuba. Ukipiga kutoka juu kabisa, kipimo ni cha haki, kila kitu kinahesabika, ila mvuke unapotelea ndani ya wali. Tulisimama katikati, kama mtu aliyekaa kitini anavyoitazama sahani yake. Tena nilirudi nyuma hatua moja nikavuta picha karibu kidogo, maana simu ikiwa karibu sana kilicho mbele huvimba, na kipande cha changu kilionekana nusu ya samaki.

Kama mvuke utachorwa kwa mkono, uanzie kwenye wali ukiwa mpana na hafifu, uchanike ukipanda, kisha upotee. Mistari mitatu minene, sawa juu na chini, inasomeka kama dawa ya mbu, au chakula kilichoungua.

Tulipochapisha bango, tulilijaribu kabla ya kulitundika. Bi alipakua sahani akaishika chini ya picha, mimi nikavuka barabara nikatazama. Mvuke uliokuwa mzuri kwenye simu ulikuwa umepotea kwa umbali ule, ikabidi uongezwe weupe. Wali na samaki havikuguswa. Baada ya jua la muda mrefu rangi nyekundu na njano ndizo zitakazotangulia kufifia, na mchuzi utaanza kuonekana wa buluu. Siku hiyo bango libadilishwe, hata kama maandishi bado yanasomeka.