Wastani wa dakika 15 si ratiba

Mwenye kliniki mwingine kaniletea hesabu ileile: mgonjwa huchukua wastani wa dakika 15, daktari ni mmoja na yupo kwa saa 4, basi andika miadi 16. Nimechoka kuisikia, kwa sababu wanaoilipia ni watu walioketi kwenye benchi.

Chukua wagonjwa watano ambao muda wao chumbani ni dakika 45, 5, 10, 5 na 10. Wastani ni 15 kamili. Wape miadi kila baada ya robo saa kuanzia saa 2:00 asubuhi. Wa kwanza anatoka saa 2:45. Wa pili, aliyefika 2:15 kwa ajili ya dakika tano tu, amekaa nusu saa. Wa tatu anangoja dakika 20, wa nne 15, wa tano 5. Hakuna aliyechelewa, hakuna dharura, na tayari dakika 70 za watu zimepotea.

Sasa mweke yule wa dakika 45 mwisho, miadi ikiwa ileile ya robo saa. Hakuna anayengoja, lakini daktari anakaa bure jumla ya dakika 30 kati ya mgonjwa na mgonjwa, na kazi inaisha saa 3:45 badala ya 3:15. Wastani unaficha jambo hili: muda uliozidi humwangukia mgonjwa anayefuata, ila muda uliobaki haumfaidii mtu, kwa kuwa anayefuata hajafika.

Dawa yake ni kutenganisha aina za miadi. Wale wanne wafupi wape dakika 10 kila mmoja, kisha yule mrefu aingie saa 2:40. Hakuna anayengoja na kazi inaisha saa 3:25. Kwa hiyo mapokezi lazima waulize sababu ya kuja kabla ya kuandika saa. Majibu ya vipimo na kuangalia kidonda ni fupi. Mgonjwa mpya au mwenye maradhi ya muda mrefu ni ndefu. Wafupi watangulie, si kwa sababu wana haki zaidi, bali muda wao hautofautiani sana, hivyo hawaivurugi asubuhi mapema. Nakiri kwamba makisio ya mapokezi hukosea. Kuna mgonjwa anayeshika kitasa cha mlango akitoka, ndipo anataja maumivu ya kifua. Huyo hakuna ratiba inayomwona mapema.

Wasiokuwa na miadi wanahesabika kuliko watu wanavyodhani. Andika kwa wiki chache saa ya kufika, kuingia na kutoka ya kila mtu, utaona wanakuja wangapi na saa ngapi. Tuseme kliniki yenye dakika 240 inapata watano kila asubuhi, dakika 12 kwa mtu: hiyo ni 60. Dharura tuitengee 20. Mimi sijazi zaidi ya asilimia 85 ya muda, yaani dakika 204. Ukitoa 80, zinabaki 124. Zinatosha miadi mirefu miwili ya dakika 30 na mifupi sita ya dakika 10. Ni miadi minane, si 16.

Hapo ndipo mwenye kliniki hukunja uso na kusema dakika 36 zimetupwa. Hazijatupwa! Watu wakija bila mpangilio na muda wao ukitofautiana sana, foleni haikui sambamba na kazi. Katika hesabu rahisi ya foleni ya mhudumu mmoja, daktari akiwa na kazi asilimia 80 ya muda, kungoja kwa wastani ni mara 4 ya muda wa huduma. Kwa asilimia 90 ni mara 9. Kwa 95 ni mara 19. Miadi hupunguza makali hayo, lakini mwelekeo haubadiliki. Kiwango cha 85 ni chaguo langu la kuanzia, si sheria. Kliniki yenye dharura nyingi nitaishusha zaidi.

Tena usizirundike dakika hizo mwisho wa zamu. Huko zitamsaidia daktari kuondoka mapema, lakini aliyecheleweshwa saa 3 hazimfai kitu. Zigawe karibu kila saa moja, na nafasi za wasio na miadi ziwe nyingi pale rekodi zako zinapoonyesha wanafika kwa wingi. Dharura usiipe saa yake: muuguzi anayepima wagonjwa mlangoni akiiona, inaingia papo hapo, na pengo lililo mbele linameza ucheleweshaji.

Baada ya wiki mbili, linganisha muda wa kungoja wa aliyeandikwa saa 3 na aliyeandikwa saa 5. Ukiwa unaongezeka kila saa, mapengo ni machache au miadi mifupi si mifupi kweli. Ukipanda saa moja maalumu kisha ukashuka, sogeza pengo hadi mara baada ya saa hiyo, na usiguse kingine hadi upime tena.