Kwikisoti iliyozidiwa na orodha iliyonyooka

“Mbona programu niliyoiandika ya kupanga namba kwa njia ya kwikisoti inakwama kwenye orodha iliyokwisha kupangwa, lakini ile ya njia ya kuchomeka inamaliza mara moja?”

Chukua namba 1 hadi 8 zikiwa zimenyooka, yaani zimekwisha kupangwa kuanzia ndogo, uhesabu kwa kalamu ni mara ngapi namba mbili zinalinganishwa. Upangaji wa kuchomeka huitazama kila namba pamoja na jirani yake wa kushoto, hukuta iko mahali pake, na kuendelea: mara 7 tu. Wa kuunganisha hugawa nusu kwa nusu bila kujali zimepangwa au la, kisha huziunganisha: mara 12. Kwikisoti huchagua namba moja ya kugawia, ndogo kuliko hiyo zikaenda kushoto na kubwa kulia, kisha hurudia kwa kila upande. Inayoifanya namba ya kwanza kuwa ya kugawia huishika 1 na kuilinganisha na zote 7, ikute upande wa kushoto mtupu. Ikishika 2, inalinganisha mara 6, halafu 5, mpaka 1. Jumla 28. Haijagawa kitu, imemenya namba mojamoja.

Kwa namba 10,000 kuchomeka kunalinganisha mara 9,999, kwikisoti hiyo mara 49,995,000. Kwenye Python huenda hata usifike huko: kikomo cha kawaida cha kazi kujiita yenyewe ni 1,000, na utaona `RecursionError`.

Sasa zichanganye namba hizohizo. Kuchomeka kunapanda hadi wastani wa takriban mara milioni 25, huku kwikisoti na kuunganisha zikibaki kwenye laki moja na ushee. Ndiyo maana kipimo cha orodha ya aina moja hakitoshi.

Kosa lililonipotezea jioni nzima lilikuwa kwenye kupima kwenyewe. Nilirudia kipimo mara 5 juu ya orodha ileile. Mzunguko wa kwanza ukaipanga, minne iliyofuata ikapokea orodha iliyonyooka. Wastani wa kuchomeka ukapendeza ajabu. Dalili ni hiyo: mzunguko wa kwanza mrefu, mingine karibu sifuri. Dawa ni kunakili kabla saa haijaanza kuhesabu:

```python
from time import perf_counter

muda = []
for _ in range(5):
    b = asili[:]
    t = perf_counter()
    panga(b)
    muda.append(perf_counter() - t)
```

Kisha ongeza orodha maradufu. Kwa namba zilizochanganywa, muda wa kuchomeka huwa karibu mara nne. Wa hizo nyingine huzidi mara mbili kidogo tu.

Ili kuiponya kwikisoti yako, chagua namba ya kugawia kwa bahati nasibu. Orodha iliyonyooka haitaisumbua tena. Ila ukipanga alama za mtihani za wanafunzi 10,000, kuanzia 0 hadi 100, zinazolingana zitakuwa nyingi mno, na zote zikitupwa upande mmoja ugonjwa unarudi kwa kiasi. Hapo gawa mafungu matatu: ndogo, zinazolingana, kubwa, na lile la kati usiliguse tena.