Fundi, sikiliza hii: klipu ya sekunde 10 hainitoshi

Imeingia tena: klipu ya sekunde 10, injini inalia tak-tak-tak, na chini yake maneno, "Fundi, metali zimekwisha, nipe bei." Metali hapo ni beringi za krenki na konrodi. Watu wanaamini fundi mzoefu akisikia tu ameshajua. Si kweli, na kwa imani hiyo hufunguliwa injini zilizohitaji gasketi moja tu.

Chukua injini ya petroli ya silinda 4 inayozunguka mara 750 kwa dakika, bila kukanyagwa mafuta. Kwa sekunde 10 krenki huzunguka mara 125, kamshafti nusu yake, 62 hivi. Konrodi iliyolegea kwa kawaida hugonga kwa mwendo wa krenki, tapeti kwa mwendo wa kamshafti. Kwa hiyo kuhesabu kunasaidia, mradi nijue injini ilikuwa kwenye mizunguko mingapi. Lakini hata nikipata 62, bado nimekwama. Valvu, injekta, na moshi unaovuja kwenye manifoldi ya egzosi upande wa silinda moja, vyote hupiga mara moja kila krenki ikizunguka mara 2.

Halafu simu imetengenezwa kwa maongezi. Inaweza kufifisha mngurumo wa mfululizo, ikakuza sauti ndogo na kubana kubwa. Mlio mzito wa konrodi unanifikia ukiwa tik nyembamba, na injekta nzima kabisa inanifikia kama nyundo. Ukiilaza simu juu ya kava ya valvu, kila kitu kitasikika ni valvu, kwa sababu chuma hubeba mlio mbali na ulikotoka.

Nipime oili kwanza. Kisha nisikie mlio asubuhi injini ikiwa baridi, na tena ikishapata moto sawasawa, mshale wa mizunguko ukionekana. Manifoldi inayovuja mara nyingi hunyamaza joto likitanua chuma, na penye uvujaji huacha masizi meusi. Metali zilizolika hufanya kinyume: oili ikipata moto huwa nyepesi, presha hushuka, mlio huzidi.

Baada ya hapo nachomoa waya wa injekta moja moja, sekunde chache tu. Nachomoa wa injekta, si wa koili, ili petroli mbichi isiende kuunguza katalisti. Mlio ukipungua kwenye silinda ya 3, nguvu ya mwako wa silinda hiyo inahusika. Tapeti kwa kawaida haibadiliki. Hata hapo sina uhakika kamili, maana pistoni inayopwaya na manifoldi inayovuja nazo hupungua, tena zote mbili hutulia kwa joto. Masizi yasipoonekana, napima presha ya oili kwa geji kabla ya kugusa boliti ya sampu.

Taa ya oili ikiwaka pamoja na mlio huo, usirekodi. Zima injini hapo hapo ulipo, gari livutwe.